Kompyuta ya maabara inayojirudisha upya: uhifadhi kazi yako kwenye flashi, kwenye akaunti ya mtandaoni au kwenye diski isiyofutwa?

Mwanafunzi anayetumia maabara ya kompyuta ya shule hugundua jambo hili siku ya pili. Jumatatu alipakua programu ya kuandikia msimbo, akaingia kwenye barua pepe, akaweka kibodi ya lugha yake na kuacha faili yake kwenye eneokazi. Jumatano anarudi kwenye kiti kilekile na kukuta kompyuta iko kama ilivyokuwa kabla hajaigusa: programu haipo, akaunti inadai nenosiri, kibodi imerudi ya zamani na eneokazi ni tupu. Wengi humshuku mwenzao aliyekaa hapo katikati, au fundi, au kirusi. Ukweli ni kwamba kompyuta imefanya ilichoagizwa kufanya kila inapowashwa upya.

Inafaa kuelewa inavyofanya hivyo, kwa sababu uchaguzi wote unaofuata unategemea jambo hilo. Programu kama Deep Freeze, au kichujio cha Unified Write Filter kinachopatikana katika Windows za Enterprise na Education, hukaa kati ya Windows na diski. Kila kitu unachohifadhi hakiandikwi kwenye faili za asili, bali huelekezwa kwenye eneo la muda, na programu hutunza orodha ya mahali kila kipande kilipowekwa. Wewe unaona faili yako ipo na unaweza kuifungua mara kumi. Kompyuta inapowashwa upya, orodha ile hutupwa na kila kitu kilichokuwa ndani yake hupotea kwa pamoja. Ndiyo maana hukuti chochote kwenye pipa la taka, na ndiyo maana umeme ukikatika kwa sekunde moja matokeo ni yaleyale kana kwamba umebonyeza kitufe cha kuwasha upya.

Kuna jambo la pili ambalo watu wachache hulitambua. Eneo hilo la muda lina ukomo. Unified Write Filter, isipobadilishwa na fundi, hulitenga ndani ya kumbukumbu ya kompyuta na kulipa ukubwa wa megabaiti 1024. Mtu akianza kupakua faili ya gigabaiti mbili, kompyuta inaweza kukwama au kukataa kuhifadhi, ilhali diski inaonyesha nafasi tele. Ukiona hali hiyo, usipoteze muda kufuta faili zako ili kupata nafasi. Hamisha kazi yako nje ya kompyuta, kisha uiwashe upya.

Kabla ya kuchagua, pima

Maabara hazifanani. Nyingine hufuta kila zinapowashwa upya, nyingine hufuta mtumiaji anapotoka kwenye akaunti ya Windows, na nyingine zina sehemu moja iliyoachwa bila kufutwa ambayo wanafunzi hawajaambiwa. Kipimo chake huchukua dakika tano. Tengeneza faili ndogo ya maandishi inayoitwa `jaribio.txt`, uiweke kwenye eneokazi, kwenye folda ya Documents, na kwenye kila diski unayoiona ukifungua This PC. Toka kwenye akaunti ya Windows kisha uingie tena na uangalie zipi zimebaki. Halafu, ukiruhusiwa na anayesimamia maabara, iwashe upya kompyuta na uangalie tena. Mwishowe kaa kwenye kompyuta ya jirani, uingie kwa jina lilelile, na uangalie kama kuna faili iliyokufuata. Iliyobaki kwenye kompyuta ya kwanza peke yake iko kwenye diski yake isiyofutwa, na iliyokufuata kwa jirani iko kwenye seva ya shule.

Katika maabara ninayoihudumia, kipimo hiki kiliwaonyesha wanafunzi kwamba folda ya Documents ilikuwa ikienda kwenye seva siku zote. Walikuwa wamepoteza kazi kwa sababu tu walizoea kuhifadhi kwenye eneokazi.

Vigezo vya ulinganisho

Nitazilinganisha njia tatu kwa maswali manne. La kwanza ni kinachobaki, yaani kati ya vitu vilivyopakuliwa, kuingia kwenye akaunti na mipangilio, kipi hasa kinaokolewa. La pili ni muda unaotumika mwanzoni mwa kipindi, maana katika kipindi cha dakika 40, dakika nane za kujiandaa ni sehemu ya tano nzima. La tatu ni kinachoweza kuharibika, pamoja na nani mwingine anaweza kukifikia. La nne ni ruhusa inayohitajika. Baada ya hapo nitasema njia hiyo inamfaa nani.

Sitajumuisha njia ya kubahatisha nenosiri la fundi ili kuzima ulinzi. Kompyuta iliyozimwa ulinzi kwa siri huhifadhi makosa ya kila anayekuja baada yako, na fundi hana namna ya kujua tatizo lilianza lini.

Njia ya kwanza: flashi

*Kinachobaki.* Faili na vitu vilivyopakuliwa hubaki bila shaka yoyote, mradi umeviweka kwenye flashi yenyewe. Hapa ndipo wengi wanapokosea: kivinjari hupakua kwenye folda ya Downloads iliyo ndani ya kompyuta, na mtu huondoka akidhani flashi iliyochomekwa imepokea. Badilisha mahali pa kupakulia kila unapoanza, au tumia kivinjari ambacho mipangilio yake yote imo ndani ya flashi.

Hilo la mwisho linawezekana, nalo ndilo linaloipa flashi uwezo ambao njia nyingine hazina. Firefox huweka alamisho, mipangilio, viendelezi na vidakuzi vya tovuti ulizoingia ndani ya folda moja inayoitwa wasifu, na unaweza kuiambia iutumie wasifu ulio kwenye flashi. Tengeneza folda `wasifu` kwenye flashi, na kando yake uweke faili `anza.bat` yenye mistari hii:

```
@echo off
start "" "C:\Program Files\Mozilla Firefox\firefox.exe" -no-remote -profile "%~dp0wasifu"
```

Sehemu ya `%~dp0` inamaanisha "mahali ilipo faili hii", kwa hiyo haijalishi kama leo flashi imepewa herufi E: na kesho F:. Ukiingia kwenye tovuti Jumatatu kwa kutumia wasifu huo, tovuti nyingi zitakutambua Jumatano hata ukiwa kwenye kompyuta nyingine, kwa sababu kidakuzi kimesafiri nawe.

Usijaribu jambo hilo kwa Chrome ukitarajia matokeo hayohayo. Chrome kwenye Windows hufunga vidakuzi kwa ufunguo unaotegemea akaunti ya mtumiaji ndani ya kompyuta husika, na tangu toleo la 127 la mwaka 2024 kinga hiyo imeongezwa nguvu. Wasifu wa Chrome ukihamishiwa kwenye kompyuta nyingine hufunguka na alamisho zake, lakini utalazimika kuingia upya kwenye kila tovuti.

*Muda.* Kuchomeka na kubofya mara mbili ni chini ya dakika moja. Hata hivyo, flashi za bei ndogo huandika polepole sana pale faili ndogo ndogo zinapokuwa nyingi, na wasifu wa kivinjari ni mamia ya faili za aina hiyo. Firefox ikiganda kwa sekunde kadhaa kila unapofungua ukurasa, chanzo kinaweza kuwa flashi na si intaneti.

*Kinachoweza kuharibika.* Zipo hitilafu mbili za kuzitarajia. Ya kwanza huwashangaza hata wazoefu: ujumbe unaosema `You've launched an older version of Firefox`. Kompyuta zilizogandishwa, yaani zenye ulinzi huu wa kujirudisha, hazijisasishi zenyewe, kwani sasisho nalo hufutwa zinapowashwa upya, kwa hiyo ndani ya maabara moja utakuta kompyuta mbili zenye matoleo tofauti. Wasifu uliofunguliwa na toleo jipya hukataliwa na toleo la zamani. Ukiona ujumbe huo, chagua kutoka. Ukikubali kutengenezewa wasifu mpya, utawekwa kwenye diski ya kompyuta, nao utapotea kama vingine. Wasifu wako kwenye flashi haujaharibika, unahitaji tu kompyuta yenye toleo lililo sawa au jipya zaidi. Dawa ya kudumu ni kubeba Firefox ya kuhamahama, yaani ile inayoendeshwa bila kusakinishwa, ndani ya flashi pamoja na wasifu, ili toleo liwe lilelile kila siku.

Ya pili ni flashi kupotea. Nenosiri kuu la Firefox hulinda manenosiri uliyohifadhi, lakini halilindi vidakuzi. Anayeokota flashi yako anaweza kufungua wasifu na kujikuta ndani ya barua pepe yako bila kuulizwa chochote. Ukiipoteza, nenda mara moja kwenye ukurasa wa usalama wa kila akaunti uliyoingia na uchague kuondolewa kwenye vifaa vyote.

Nina ushauri mmoja wa nyongeza, maana nimeona flashi nyingi zikiambukizwa. Iwashe upya kompyuta *kabla* ya kuchomeka flashi. Kirusi alichokiacha mtangulizi wako kitaondoka pamoja na kila kitu kingine, na utachomeka kwenye kompyuta safi. Tabia ileile inayokusumbua hapo ndiyo inayokulinda.

*Ruhusa.* Unahitaji milango ya USB iwe wazi, na baadhi ya shule huifunga. Shule nyingine huruhusu kusoma faili lakini huzuia programu kuendeshwa kutoka kwenye flashi. Hapo Firefox ya kuhamahama itakataa na hata `anza.bat` inaweza kukataa, ingawa nyaraka zako zitafunguka kama kawaida.

*Inamfaa* mtu anayebadilisha viti, mwenye faili kubwa au intaneti dhaifu, ambaye pia ana tabia ya kutunza kitu kidogo kisipotee. Haimfai anayesahau vitu, labda awe na nakala kwingine.

Njia ya pili: akaunti ya mtandaoni

*Kinachobaki.* Faili zilizo kwenye hifadhi ya mtandaoni haziguswi kabisa na kompyuta kujirudisha. Nafasi ya bure ni gigabaiti 15 kwa Google, ikigawanywa kati ya Drive, barua pepe na picha, na gigabaiti 5 kwa OneDrive. Nyaraka zinazoandikwa moja kwa moja ndani ya kivinjari hujihifadhi kila baada ya muda mfupi sana, kwa hiyo umeme ukikatika utapoteza sentensi moja au mbili. Kwa maandishi sijaona kinga bora kuliko hiyo.

Kuhusu mipangilio, usawazishaji wa kivinjari hurudisha alamisho, manenosiri na viendelezi. Haurudishi hali ya kuwa umeingia kwenye tovuti. Nenosiri litajazwa lenyewe kwenye kisanduku, lakini kubofya kuingia na kuthibitisha kutakuwa juu yako, tovuti baada ya tovuti.

*Muda.* Hapa ndipo njia hii inapouma. Kompyuta iliyojirudisha haina kumbukumbu yoyote kwamba uliwahi kuitumia, kwa hiyo akaunti yenye uthibitishaji wa hatua mbili hukuona mgeni kila mara. Kisanduku cha kukubali kwamba kompyuta hii isiulizwe tena hakina maana, kwa sababu jibu lake huhifadhiwa kwenye kidakuzi, na kidakuzi hakitafika kesho. Katika shule isiyoruhusu simu darasani, mwanafunzi hukwama palepale mlangoni.

Suluhisho la kawaida ni misimbo ya akiba. Google hutoa 10 kwa mkupuo, kila mmoja una tarakimu nane na hutumika mara moja tu. Mwanafunzi mwenye vipindi viwili kwa juma kwa majuma sita ataingia mara 12, kwa hiyo karatasi moja ya misimbo haimtoshi hadi mwisho. Atengeneze seti mpya kabla ya ule wa kumi kuisha, akikumbuka kwamba seti mpya hubatilisha ya zamani yote, pamoja na misimbo ambayo bado hajaitumia. Anayeweza kupata ufunguo wa usalama wa kuchomeka kwenye USB ataepuka hesabu hii, mradi milango ya USB iko wazi.

*Kinachoweza kuharibika.* Tumia hifadhi hiyo kupitia kivinjari, si kupitia programu ya kusawazisha folda. Programu hiyo italazimika kuwekwa upya na kuanza kushusha faili zako kila kipindi. Lililo baya zaidi ni kwamba hukuonyesha faili ikiwa kwenye folda kana kwamba imehifadhiwa, kumbe bado inasubiri kupanda mtandaoni. Nilimwona mwanafunzi akifunga kompyuta kengele ilipolia huku alama ya mishale miwili ikizunguka pembeni mwa jina la faili yake. Aliona jina, akaamini. Kipindi kilichofuata tulikuta toleo la juma lililopita, na saa moja na nusu ya kazi haikuwepo popote. Kabla ya kuondoka, fungua faili kutoka kwenye simu au kompyuta ya jirani, au angalau subiri alama igeuke tiki.

Hatari nyingine inatokana na kuamini mno kwamba kompyuta hufuta. Hufuta inapowashwa upya, basi. Ukifunga dirisha na kuondoka, au skrini ikilala yenyewe, anayekuja dakika tano baadaye atakuta akaunti yako wazi, pamoja na manenosiri yote yaliyoletwa na usawazishaji. Toka kwenye akaunti kwanza, kisha uiwashe upya kompyuta wewe mwenyewe.

*Ruhusa.* Kwa kawaida haihitaji ruhusa yoyote zaidi ya intaneti, isipokuwa pale shule inapozuia tovuti za kuhifadhi faili.

*Inamfaa* anayeandika maandishi, majedwali na mawasilisho, na anayeendelea na kazi nyumbani. Haimfai mhariri wa video, au darasa la watu 30 wanaopandisha faili kubwa kwa pamoja dakika tatu kabla ya kengele.

Njia ya tatu: diski isiyofutwa au folda ya seva

*Kinachobaki.* Deep Freeze humruhusu fundi kutengeneza sehemu inayoitwa ThawSpace, ambayo kwa kawaida huonekana kama diski T:, na chochote kilichomo hakifutwi. Kwa Unified Write Filter, fundi huitoa folda moja nje ya ulinzi kwa amri zifuatazo, akiwa na mamlaka ya msimamizi:

```
uwfmgr file add-exclusion C:\KaziZaWanafunzi
uwfmgr get-config
```

Amri ya kwanza huanza kufanya kazi baada ya kuwasha upya, na ya pili huonyesha kama folda imeingia kwenye orodha. Folda ya seva hutoa matokeo kama hayo, ila faili hazikai kwenye kompyuta hata kidogo, hivyo hukufuata popote unapoketi.

Vitu ulivyopakua hubaki mahali hapo. Kuingia kwenye akaunti na mipangilio havibaki, kwa sababu programu huviandika kwenye folda zake za kawaida ambazo bado zinafutwa. Wasifu wa Firefox unaweza kuwekwa T: kwa njia ileile ya `-profile`, lakini sikushauri. Diski hiyo mara nyingi ni ya wote, na wasifu wenye vidakuzi kwenye diski ya wote ni sawa na kumwachia kila mtu ufunguo wa nyumba.

*Muda.* Karibu hakuna. Unafungua diski na kuendelea, na faili kubwa hufunguka kwa kasi ya diski ya ndani. Kwa video na sauti, tofauti hii huonekana tangu dakika ya kwanza.

*Kinachoweza kuharibika.* T: ni ya kompyuta moja. Kazi iliyohifadhiwa kwenye kompyuta namba 7 haipo kwenye namba 8, na siku namba 7 ikiharibika au ikichukuliwa na mwingine, huna kazi. Mwenzako anaweza kufuta folda yako akitafuta nafasi, kwa kuwa sehemu isiyofutwa hujaa: hakuna kinachoisafisha. Kompyuta zikisakinishwa upya mwishoni mwa muhula, sehemu hiyo huweza kuondolewa pia. Folda ya seva haina matatizo hayo, ila seva ikizimika darasa zima husimama.

*Ruhusa.* Bila fundi njia hii haipo. Mwombe atenge folda kwa kila mwanafunzi na aweke ruhusa ili mmoja asifungue ya mwingine.

*Inamfaa* mwenye kiti cha kudumu na faili nzito, na mwalimu anayetaka kukusanya kazi zote mahali pamoja. Mipangilio na programu ambazo darasa zima linazihitaji, kama kibodi fulani au kihariri cha msimbo, ni bora fundi aziweke kwenye nakala ya msingi ya kompyuta zote kuliko wanafunzi 30 kuzipakua upya kila kipindi. Mpelekee ombi lililoandikwa, lenye jina la programu, toleo na mpangilio kamili unaotakiwa, kwa kuwa lazima ayeyushe kompyuta, yaani azime ulinzi kwa muda, asakinishe na kuzigandisha tena, na hatapenda kurudia kwa kitu kimoja kimoja.

Mfano mmoja hadi mwisho

Mwanafunzi mmoja niliyemsaidia alikuwa na kazi ya kutengeneza tovuti kwa majuma sita, vipindi viwili vya dakika 40 kwa juma. Folda yake ilikuwa na kurasa chache za msimbo na picha zilizofikia megabaiti 180. Alihitaji kihariri cha msimbo, akaunti moja ya mtandaoni yenye hatua mbili za uthibitishaji, na simu zilikuwa haziruhusiwi. Hakuwa na kiti cha kudumu.

Kipindi cha kwanza alitumia akaunti peke yake. Alihesabu dakika 11 kabla ya kuandika mstari wa kwanza: kushusha kihariri, kuingia, kutafuta msimbo wa akiba, kushusha folda. Diski T: ilikuwepo, lakini kwa kuwa alibadilisha viti haikumsaidia. Tulihamia kwenye flashi. Folda ya mradi, kihariri cha kuhamahama na wasifu wa Firefox viliingia humo, na akaingia kwenye akaunti mara moja tu, siku ya kwanza ya kutumia wasifu huo. Tangu hapo alikuwa akiandika msimbo ndani ya dakika mbili baada ya kuketi.

Jambo tulilolisisitiza ni nakala. Dakika tano kabla ya kengele alibana folda ya msimbo, bila picha kwa kuwa hazikubadilika, na kuipandisha kwenye hifadhi ya mtandaoni ikiwa na tarehe kwenye jina. Katika juma la nne flashi ilikataa kufunguka. Ilikuwa imechomolewa programu ikiwa bado inaandika. Alipoteza kipindi kimoja cha kutengeneza wasifu mpya na kurudisha picha, lakini msimbo wote hadi kipindi kilichotangulia ulikuwepo. Baada ya hapo hakuchomoa tena bila kubofya Eject na kusubiri ujumbe wa ruhusa.

Uchague ipi kwa hali yako

Ikiwa kazi yako ni kuandika insha au ripoti na intaneti ya shule inaaminika, tumia hifadhi ya mtandaoni kupitia kivinjari, na uje na misimbo ya akiba iliyoandikwa kwenye karatasi. Huna haja ya kujisumbua na wasifu wa flashi.

Ikiwa unahitaji kuendelea kuwa umeingia, unatumia mipangilio mingi na unabadilisha viti, flashi yenye wasifu wa Firefox ndiyo inayojibu mahitaji yote matatu. Weka nakala ya kila kipindi mahali pengine, na usiingie humo kwenye akaunti za fedha wala za familia.

Ikiwa milango ya USB imefungwa na simu haziruhusiwi, anza na kipimo cha `jaribio.txt`. Huenda folda ya seva ipo tayari. Ikiwa haipo, ombi lako la kwanza kwa fundi liwe folda ya seva, kabla ya kuomba USB ifunguliwe, kwa sababu folda ni rahisi zaidi kwake kukubali.

Ikiwa unahariri video au sauti na una kiti cha kudumu, fanyia kazi kwenye T: na unakili mradi kwenye diski ya nje kila unapofika hatua ambayo hutaki kuirudia. Usipandishe video mtandaoni mwishoni mwa kipindi.

Ikiwa wewe ni mwalimu wa darasa zima, pata folda ya seva kwa ajili ya faili na uombe programu ziwekwe kwenye nakala ya msingi kabla muhula haujaanza. Fanya kipimo cha kuwasha upya pamoja na wanafunzi katika kipindi cha kwanza, wakiwa na faili isiyo na thamani, ili waone kwa macho yao kipi kinapotea na kipi kinabaki.

Na ikiwa umesoma haya ukiwa umeketi mbele ya kompyuta ya maabara ambayo haijazimwa, yenye kazi kwenye eneokazi lake, usiizime. Tuma faili hiyo kwenye barua pepe yako sasa, angalia kwenye folda ya zilizotumwa kwamba imeambatishwa, ndipo uanze kuchagua njia.